Ule unga mweupe ukutani: maji yanapita wapi?

(Maneno ya mfanyakazi wa uwanjani kwenye mkutano wa wanachama, Baraka, Fizi)



Mezani kwa komite kuna maombi saba, na yote saba yanaomba kitu kimoja: simenti na rangi ya kurudishia lipu, ile mafundi wetu wanaita krepisaji, kwa sababu ukuta "umetoka chumvi". Nyumba hizi si za zamani. Ni za watu waliorudi kutoka ng'ambo ya ziwa, Lugufu na Nyarugusu, wakajenga kwa matofali ya kuchoma, wengine wakipewa mabati na mifuko michache ya simenti. Leo chini ya ukuta kuna unga mweupe, rangi inabanduka, lipu inavimba. Mfadhili naye akipita anauliza, na ana haki kuuliza, mbona nyumba ya juzi inaoza?

Nimeombwa nieleze huo unga ni nini na unatolewaje. Nitasema wazi tangu mwanzo: nikiwa mimi, simenti hiyo sitainunua kwanza. Sikilizeni kwa nini, halafu mtanibishia.

Kwanza tuondoe lawama kwa ziwa. Nimesikia mara nyingi: "Chumvi ya ziwa njo inakula nyumba." Hapana. Tanganyika si bahari. Maji yake tunakunywa, tunapikia. Yana madini yaliyoyeyuka, ndiyo, kidogo, lakini hayawezi peke yake kupaka ukuta mweupe kutoka chini hadi kiunoni mwaka hadi mwaka.

Mnajua jinsi bibi zetu walivyopata chumvi ya majani. Walichoma majani ya mtoni, wakaweka majivu kwenye chungu chenye matundu, wakapitisha maji, halafu yale maji wakayachemsha. Maji yakaenda na mvuke, chumvi ikabaki chini ya sufuria. Ukuta wako unafanya kazi hiyohiyo, tofauti ni kwamba moto wake ni jua na upepo. Maji yanaingia ndani ya tofali, yanayeyusha chumvi inayoyakuta humo, yanatembea mpaka juu ya ukuta, yanakauka. Maji yanaondoka, chumvi haina mahali pa kwenda. Unaiona nyeupe.

Ndiyo maana inatoka sana kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa tisa, wakati ambapo watu wanashangaa kusema mvua imeisha, mbona ukuta unatoa chumvi? Wakati wa mvua ukuta uko na unyevu kila upande, chumvi imeyeyuka, haionekani. Jua likianza kuvuta, inatoka nje. Ni kusema ule weupe wa mwezi wa saba ni habari ya maji ya mwezi wa tatu.

Basi chumvi yenyewe ilitoka wapi? Nyingine ilikuwa ndani ya udongo wa tofali tangu shimoni. Nyingine inatoka kwenye simenti, maana simenti yoyote ina chumvi zake. Nyingine inapanda kutoka ardhini, na hapo ndipo choo, mahali pa kuogea na zizi la mbuzi vinaingia, kwa sababu mkojo ukioza ardhini unaacha chumvi iliyo mbaya kuliko zote. Hiyo inavuta unyevu hata kutoka hewani. Ukuta wenye chumvi ya mkojo utauona una madoa meusi ya maji siku ya mawingu, hata kama haujanyeshewa. Na wale wanaochanganya majivu kwenye udongo wa kujengea wamejiwekea chumvi wenyewe, kwa mikono yao.

Kwa hiyo chumvi haikosekani. Huwezi kujenga bila chumvi kabisa. Kitu unachoweza kukamata ni maji.

Sasa niwapeleke kwenye nyumba moja, ya mama mmoja mwanachama wetu, yeye ameruhusu niisimulie bila kutaja jina. Ni vyumba viwili na sebule, matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, lipu ya simenti ndani na nje, mabati juu. Kiangazi cha kwanza weupe ulifika kama sentimita 30 kutoka sakafuni. Akaita fundi. Fundi akakwangua, akapiga lipu mpya ya simenti, nzito kuliko ya kwanza, juu yake rangi ya mafuta. Ikapendeza. Kiangazi kilichofuata weupe ukatokea sentimita 70, juu kabisa ya ile lipu mpya, na chini yake rangi imevimba kama ngozi iliyoungua. Ukigonga kwa kidole unasikia tupu.

Hapo ndipo penye fundisho lote, nitapakalia kidogo. Kabla ya lipu mpya, maji yaliyopanda kutoka chini yalikuwa yanatoka nje kwenye sentimita 30 za kwanza, yanakauka, yanaacha unga. Ni uchafu tu, ukuta haukuwa unaumia sana. Simenti nzito na rangi ya mafuta zikaziba mlango huo. Maji hayakuacha kuingia, yalikosa pa kutokea tu, yakaendelea kupanda mpaka yakapata nafasi juu. Na chumvi ambayo zamani ilikuwa inakaukia nje sasa ikaanza kukaukia ndani, nyuma ya lipu, kwenye vitundu vya tofali. Chumvi ikikauka inageuka punje ngumu, na punje ikikua mahali pembamba inasukuma. Ziko chumvi, hasa ile ya salfeti ya sodiamu, ambazo zikinywa maji tena zinavimba mara tatu na zaidi. Mvua inakuja, zinavimba, jua linakuja, zinasinyaa, mvua tena. Miaka michache ya mchezo huo, uso wa tofali unamumunyika kama biskuti ndani ya chai.

Kwa hiyo msiogope sana unga unaouona. Mwogope ule uliofunikwa.

Tulipofika pale hatukuanza na ukuta. Tulianza kuzunguka nje, na jambo lilionekana mapema. Uwanja wa nyuma ulikuwa umejazwa udongo kidogo kidogo, kila baada ya mvua, ili watu wasikanyage matope. Udongo ulikuwa umepita juu ya fondasio kwa karibu sentimita 20, ni kusema matofali mawili ya chini yalikuwa yamezikwa. Mabati yalitokeza nje kwa sentimita 30 tu, hakuna mfereji wa kupokea maji, kwa hiyo mvua yote ya paa ilianguka karibu na ukuta, ikapiga chini, ikarukia juu. Na kwenye kona ya nyuma mbuzi wanalala.

Lakini si kila mara inaonekana hivyo kwa macho. Kama hujui unyevu unatoka ndani ya ukuta au ni hewa ya chumba tu, kata kipande cha plastiki safi, upana wa mikono miwili, kibandike ukutani kwa utepe kingo zote nne, pasipite hewa. Acha siku nzima na usiku wake, au mbili. Matone yakiwa upande wako, ni mvuke wa chumba: watu wengi, jiko, madirisha madogo. Matone yakiwa upande wa ukuta, maji yanatoka ukutani. Fanya pale chini, halafu fanya kingine juu, mita moja na nusu. Chini pakilowa na juu pakiwa pakavu, maji yanapanda kutoka ardhini. Juu pakilowa zaidi, tazama paa. Halafu piga mstari wa penseli pale weupe unapoishia, andika tarehe. Mwezi ujao mstari utakuambia kama unapanda au umesimama. Mstari huo ni shahidi mzuri kuliko mimi na fundi pamoja.

Basi tukafanya hivi, kuanzia mwanzo wa mwezi wa sita. Vijana walichimba udongo wote uliozidi mpaka matofali ya chini yakaonekana na fondasio ikatoka sentimita 15 juu ya ardhi. Angalieni, hatukuchimba chini ya fondasio, huko unaangusha nyumba. Kisha ardhi ikapewa mteremko wa kutoka ukutani, sentimita 5 kwa kila mita, na mwisho wake mfereji wa kupeleka maji barabarani. Karibu na ukuta tukaweka kokoto badala ya udongo ulioshindiliwa, ili tone likianguka lisiruke na matope. Fundi wa mabati akatengeneza mfereji wa paa. Mbuzi wakahamishwa, baada ya mazungumzo marefu.

Wakati huohuo lipu ya simenti ikatolewa ndani na nje, yote iliyogongwa ikalia tupu, na nusu mita zaidi juu ya mstari wa unyevu. Viungio vya udongo vilivyooza vikakwanguliwa kwa kina cha sentimita 2. Ukuta ukaachwa uchi. Jirani mmoja akacheka, akauliza kama shirika linabomoa au linajenga.

Tofali lililolowa halikauki kwa wiki moja. Mafundi wana hesabu ya kukadiria, mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene. Ukuta wa sentimita 20 unataka kama miezi minane. Huwezi kumwambia mama alale bila lipu miezi minane, nitasema mbele tulivyofanya, lakini ujue hesabu, usije ukafunga ukuta kwa simenti baada ya siku kumi na kusema umekauka kwa sababu unaonekana mkavu.

Sasa ile chumvi. Inatolewa kwa brosi kavu, ngumu ya kawaida, si ya chuma kwenye tofali laini. Kavu. Watu wengi wanachukua ndoo ya maji na sabuni, wanasugua, ukuta unakuwa safi, wanafurahi. Wiki moja baadaye iko pale pale. Si imeyeyuka ikanywewa na tofali? Umeirudisha nyumbani. Tandika shitingi au gunia chini, piga brosi kutoka juu kwenda chini, kusanya unga, ukautupe mbali na nyumba. Ukiuacha chini ya ukuta, mvua ya kwanza inauingiza tena. Pale kwa yule mama tulipiga brosi kila wiki, na wiki ya kwanza tulipata zaidi ya nusu ya kopo la maziwa ya unga kutoka ukuta mmoja. Wiki ya sita ilikuwa ya kufagia tu.

Kwenye sehemu zilizokuwa mbaya zaidi tuliongeza dawa ya kubandika. Ni udongo mfinyanzi laini, sehemu moja, na mchanga uliooshwa, sehemu mbili, umekorogwa kwa maji ya mvua mpaka uwe kama uji mzito. Unalowesha ukuta kidogo, unabandika unene wa sentimita 2, unaacha ukauke wenyewe mpaka upasuke na kuanza kujitenga. Maji ya ule uji yanaingia, yanayeyusha chumvi, halafu yanakaukia upande wa nje, ndani ya udongo wako na si ndani ya tofali. Unabandua, unatupa mbali, usithubutu kuutumia tena. Mara mbili au tatu. Dawa hii ina mpaka wake: kama maji bado yanapanda kutoka chini, unachota ziwa kwa kijiko.

Kuna weupe mwingine ambao brosi haiutoi, ngumu kama ganda, unateremka kwa michirizi kutoka kwenye viungio vya simenti. Hiyo ni chokaa ya simenti iliyotoka na maji ikaguswa na hewa. Utaijua kwa kudondoshea ndimu au siki, itatoa povu. Hiyo peke yake ndiyo unaweza kuilowesha ukuta kwanza, kuipaka siki, kusugua na kusuuza. Asidi ya betri, tafadhali, hapana. Wako wanaoitumia. Asidi ile ikikutana na chokaa inatengeneza chumvi mpya ya salfeti, ni kusema umelipa pesa kununua ugonjwa, mbali na mikono na macho unayoweza kuunguza.

Mwezi wa tisa, kabla ya mvua, ndani tulipiga lipu ya udongo: udongo sehemu moja, mchanga mbili na nusu, na majani makavu yaliyokatwa mafupi. Juu yake chokaa nyeupe, bila rangi ya mafuta. Nje tuliacha matofali wazi, tukajaza viungio kwa chokaa moja na mchanga tatu. Tofali la kuchoma halihitaji kanzu. Lipu ya udongo inapumua, kwa hiyo ukuta ambao haujamaliza kukauka unaendelea kukauka kupitia humo, na chumvi iliyobaki inatokea kwenye udongo, si kwenye tofali. Ikijaa chumvi unaikwangua na kupiga nyingine, udongo haununuliwi. Najua wapo watakaosema lipu ya udongo ni ya kambini, sisi tumerudi nyumbani tunataka simenti. Nawaelewa kabisa. Lakini kule kambini, kuta zile za udongo, nani alikuwa analalamika juu ya chumvi?

Kiangazi kilichofuata tulirudi na penseli. Mbele na pembeni, hakuna kitu. Ukuta wa nyuma, ukungu mwembamba mweupe juu ya lipu ya udongo, unafutika kwa kitambaa kikavu, ndivyo tulivyotegemea. Kona ya mbuzi bado ina madoa siku za mawingu. Ile chumvi ya mkojo iko ardhini na ndani ya tofali, na sitamwahidi mtu yeyote kwamba itaisha. Pale lipu itakuwa inabadilishwa kila baada ya muda, ndiyo gharama yake.

Nyumba mpya kabisa ni habari nyingine. Ikitoa weupe mwembamba kiangazi cha kwanza, sawasawa ukuta mzima, mara nyingi ni maji ya ujenzi yanakauka. Piga brosi kavu, usipake kitu, ngoja mwaka mmoja au miwili. Usiombe simenti.

Na wanaojenga mwaka huu, mambo mawili. Fondasio itoke ardhini angalau sentimita 15, na juu yake, kabla ya tofali la kwanza, tandikeni plastiki nzito, mikunjo miwili, upana wote wa ukuta, bila tundu. Kipande kile kinazuia kupanda kwa maji kuliko lipu yoyote mtakayopiga baadaye, na kukiingiza baada ya ukuta kusimama ni kazi ngumu sana. La pili ni kupima tofali kabla ya kulipa. Chukua matano kutoka sehemu tofauti za tanuru, na lazima liwemo la pembeni, lile la rangi hafifu ambalo moto haukulifikia vizuri, maana ndilo linalonywa maji zaidi na kutoa chumvi zaidi. Yasimamishe kwenye sahani yenye maji ya mvua, kina cha sentimita 2 na nusu, kivulini penye hewa. Maji ya ziwa hapana, yana madini yake, yatakudanganya. Maji yakiisha yote na tofali likakauka, jaza tena mara moja, ngoja likauke. Sasa tazama. Weupe usiofika sehemu moja ya kumi ya uso ni kidogo, jenga. Ukikaribia nusu, yatumie kuta za ndani. Ukizidi nusu na unaanguka kama unga, mwambie mwenye tanuru ayachome tena au umwachie.

Kuhusu maombi saba, ninachopendekeza kwa komite ni hiki. Jumamosi tupite nyumba zote saba na plastiki, utepe na penseli, vitu hivyo ninavyo. Nyumba ambazo udongo umezidi fondasio, kazi ya beleshi ifanywe na likirimba yenu wenyewe, haihitaji mfadhili. Pesa iliyotengwa kwa simenti inunue kwanza mabati ya mifereji ya paa na plastiki ya fondasio kwa wale watatu wanaoanza kujenga. Mwezi wa sita ujao tusome mistari ya penseli, na nyumba ambayo mstari wake umesimama ndiyo tuzungumze lipu yake.

Mzee pale nyuma nimeona mkono wako tangu niliposema mbuzi. Haya, uliza.